Kuikagua Karatasi ya Bei ya Umrah: Nauli, Kodi, Masiku ya Hoteli na Jumla



Kila msimu wa Umrah unapokaribia tunaletewa swali la aina moja kutoka Unguja na Pemba, na mara nyingine kutoka Lamu na Ngazija. Familia imepewa karatasi ya bei na kikundi cha safari, inaangalia jumla iliyoandikwa chini, kisha inauliza: je, bei hii ni ya haki? Ukweli ni kuwa jumla peke yake haijibu swali hilo. Bei kubwa inaweza kuwa sahihi, na bei ndogo inaweza kuwa na masiku mawili ya hoteli ambayo hayapo. Linaloweza kufanywa na kila mwenye kalamu na simu ni kuijenga upya jumla ile kutoka chini, kipengele baada ya kipengele, na kuona kama inafika pale pale. Ikifika, ujue unacholipia. Isipofika, uulize kabla ya kutoa arubuni.

Tutachukua familia moja ya mfano, tuifuate mpaka mwisho. Ni baba, mama, bibi mzaa mama, na mtoto wa miaka 7. Wanaondoka Zanzibar jioni ya tarehe 3 Novemba, wanashuka Jidda, wanarudi kutoka Madina. Kikundi kimewapa karatasi iliyoandikwa "Umrah siku 15, masiku 14", nayo ina mistari hii, yote kwa dola:

Nauli ya ndege, 658 kwa watu 4, ni 2,632. Kodi za viwanja vya ndege, 45 kwa watu 4, ni 180. Hoteli ya Makkah, chumba cha watu wanne, 80 kwa masiku 8, ni 640. Hoteli ya Madina, chumba cha watu wanne, 60 kwa masiku 6, ni 360. Kodi ya hoteli asilimia 15, ni 150. Viza na bima, 160 kwa watu 4, ni 640. Usafiri wa ndani, 240. Gharama ya huduma ya kikundi, 75 kwa watu 4, ni 300. Jumla: 5,200, yaani 1,300 kwa kila mtu.

Viwango hivi tumeviweka kwa ajili ya hesabu. Msimu, ndege na umbali wa hoteli na Haram hubadilisha kila kitu, kwa hiyo msomaji asiichukue karatasi hii kuwa bei ya soko.

Jumlisha kwanza, kabla ya kuuliza lolote

Jambo la mwanzo halihitaji ujuzi wa safari. Jumlisha mistari yote kwa simu yako: 2,632 na 180 na 640 na 360 na 150 na 640 na 240 na 300. Jibu ni 5,142. Karatasi imesema 5,200. Dola 58 hazina mstari.

Hapa mara nyingi hakuna ubaya wa makusudi. Aliyeandika aligawa 5,142 kwa watu wanne, akapata 1,285.50, akaona haipendezi, akaandika 1,300, kisha akazidisha kwa nne kurudi juu. Namba ya kila mtu imekuwa nzuri na jumla imepanda. Lakini hizo ni fedha za mtu, na mahali pake pa haki ni kwenye mstari wa gharama ya huduma, mteja azione. Sisi tunapendelea kipengele hiki kiulizwe cha kwanza kwa sababu nyingine pia: majibu utakayopata yatakuonyesha unazungumza na mtu wa namna gani. Mwenye kusema "ni kweli, tumezungusha, tutarekebisha" ni tofauti na anayekasirika kwa sababu umejumlisha.

Nauli: ni namba mbili, si moja

Bei ya tiketi ya ndege ina sehemu mbili. Ya kwanza ni nauli ya msingi, ambayo ni ya shirika la ndege. Ya pili ni kodi na tozo, ambazo nyingine ni za serikali na viwanja vya ndege, na nyingine, ingawa zimewekwa kwenye safu ya kodi, ni za shirika lenyewe. Katika mfumo wa tiketi sehemu hizi huonekana hivi. Herufi XX tumeziweka badala ya jina la shirika, na AAA badala ya mji wa kubadilishia ndege:

```
ZNZ XX X/AAA XX JED210.00/-MED XX X/AAA XX
ZNZ210.00NUC420.00END ROE1.000000
FARE   USD420.00
TAX    USD140.00YQ  USD98.00XT
TOTAL  USD658.00
```

Isiwatishe. Mistari miwili ya juu ni hesabu ya nauli. ZNZ ni Zanzibar, JED ni Jidda, MED ni Madina. Alama ya X/ mbele ya mji maana yake ni kuwa unapita tu hapo kubadilisha ndege. Alama ya /- kati ya JED na MED inaonyesha kipande ambacho abiria anakwenda kwa njia yake mwenyewe, na kwetu ni safari ya ardhini kutoka Jidda kwenda Makkah kisha Madina. Kwenda ni 210, kurudi ni 210, na NUC420.00 ndiyo jumla yake. ROE ni kiwango cha kugeuzia NUC kuwa fedha ya nchi ambako safari inaanza. Nauli zinazoanzia kwetu huandikwa kwa dola, ndiyo maana ni 1, na namba ya FARE inalingana na NUC bila kubadilika. Jamaa aliyeko Jidda anayekata tiketi ya kuja Zanzibar ataona 3.75 mahali hapo, kwa kuwa riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa kiwango hicho tangu mwaka 1986.

Kwenye mstari wa TAX, YQ ni tozo ya shirika la ndege, ile iliyozoeleka kuitwa tozo ya mafuta. XT si kodi moja. Ni kapu: kodi zikiwa nyingi kuliko nafasi iliyopo, mfumo huzikusanya pamoja na kuziita XT, na wakala anaweza kuzifungua akakuonyesha moja moja. Sasa jumlisha: 420 na 140 na 98 ni 658.

Hapo ndipo tatizo la pili la karatasi yetu linapojitokeza. Namba 658 iliyoitwa "nauli" tayari ni TOTAL, na kodi za viwanja vya ndege zimo ndani yake. Ule mstari wa dola 45 kwa kila mtu unatoza kitu kilichokwishatozwa. Kodi za kuondokea uwanja wa Zanzibar hukusanywa ndani ya tiketi. Msafiri halipi tena dirishani kama ilivyokuwa zamani, na pengine mstari huo umebaki kwenye fomu ya kikundi tangu enzi zile. Iwe ni mazoea au ni ujanja, dola 180 hazina msingi.

La tatu ni mtoto. Karatasi imemtoza sawa na mtu mzima. Mashirika mengi humhesabu mtoto wa miaka 2 mpaka 11 kwa takriban asilimia 75 ya nauli ya msingi, na mchanga asiyekaa kiti chake kwa takriban asilimia 10. Zingatieni neno "ya msingi". Punguzo haligusi kodi zote, kwa sababu uwanja wa ndege hautazami umri kama shirika linavyoutazama. Kwa mtoto wetu asilimia 75 ya 420 ni 315, ukiongeza kodi zile zile za 238 inakuwa 553. Anayedai asilimia 75 ya 658 atakuwa amekosea upande wake. Na mwenye mchanga anayetimiza miaka miwili katikati ya safari ajue kuwa kwa kurudi atahesabiwa mtoto mwenye kiti. Kama karatasi haikulisema hilo, litakuja kusemwa uwanjani.

Basi nauli sahihi ya familia hii ni 658 mara 3, yaani 1,974, ukiongeza 553: jumla 2,527. Karatasi ilikuwa na 2,632 na 180, yaani 2,812. Tofauti ni dola 285.

Masiku: hapa ndipo familia nyingi hupotezea fedha

Siku za safari na masiku ya hoteli ni vitu viwili. Hoteli haihesabu siku. Inahesabu usiku kati ya tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Ukiingia tarehe 4 na kutoka tarehe 11, toa 4 katika 11, ni masiku 7. Vidole hudanganya hapa, kwa sababu ukihesabu tarehe zenyewe, 4, 5, 6 mpaka 11, utapata 8.

Vocha za hoteli za familia yetu zinasema hivi: Makkah kuingia tarehe 4, kutoka tarehe 11. Madina kuingia tarehe 11, kutoka tarehe 16. Hiyo ni 7 na 5, jumla masiku 12. Karatasi imetoza 8 na 6, jumla 14. Masiku mawili yamekwenda wapi? Yamelaliwa ndani ya ndege. Usiku wa tarehe 3 walikuwa angani kuelekea Jidda, na usiku wa tarehe 16 walikuwa angani kurudi. Kifurushi cha "siku 15" kinaweza kuwa cha kweli kabisa na bado kikawa na masiku 12 ya hoteli. Ni kawaida ya biashara hii kutoa moja kutoka idadi ya siku na kuandika masiku, bila kufungua vocha. Mteja anatakiwa aifungue.

Kuna jambo la saa ambalo sisi watu wa pwani linatukosesha zaidi ya wengine. Tiketi inaandika 01:30, tarehe 4. Kwetu hiyo ni saa saba na nusu usiku, na tunauona bado ni usiku wa ile siku tuliyoondoka. Ndege na hoteli hubadilisha tarehe saa sita ya usiku. Familia itashuka Jidda saa saba na nusu, itamaliza uhamiaji na mizigo, itafika Makkah karibu na Alfajiri ya tarehe 4. Vocha inasema kuingia ni tarehe 4, lakini hoteli nyingi za Makkah hutoa chumba kuanzia saa kumi alasiri. Bibi atakaa kwenye viti vya mapokezi kutwa nzima, naye yumo kwenye ihram.

Anayetaka chumba Alfajiri hiyo hana budi kulipia usiku wa tarehe 3, na si dhulma kutozwa. Lakini basi vocha iandikwe kuingia tarehe 3, na iandikwe pia kuwa wageni watafika baada ya saa sita usiku. Bila maelezo hayo hoteli inaweza kuwahesabu kuwa hawakuja na kukitoa chumba kwa wengine. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala si tu "kwa nini masiku 8?" Uliza: "Usiku wa nane umo kwenye vocha?" Ukiwemo, ulipe kwa furaha. Usipokuwemo, umelipia hewa.

Upande wa kurudi ni mwepesi zaidi. Ndege inaondoka Madina saa sita kasoro dakika kumi usiku wa tarehe 16, na chumba kinatakiwa kurudishwa mchana. Wengine hukubaliana na hoteli wabaki mpaka Maghrib kwa malipo madogo, wengine huacha mizigo mapokezi na kwenda Msikitini. Kulipia usiku mzima wa sita hakuhitajiki.

Kwa wale wanaokusudia masiku kumi ya mwisho ya Ramadhaan, hesabu hii ina uzito wa ziada. Katika kalenda yetu usiku hutangulia mchana. Usiku wa 21, ambao ndio wa mwanzo wa witri katika kumi la mwisho, unaingia kwa Maghrib ya siku ya 20. Hoteli inaujua kwa tarehe ya Kizungu inayolingana na siku ya 20. Aliyekata chumba kuanzia "siku ya 21" ameukosa usiku huo, ingawa karatasi yake imesema masiku kumi ya mwisho. Isitoshe, hesabu inafuata mwandamo wa Saudia, na si wa visiwani, na mwezi unaweza kuwa wa 29 au 30. Hoteli nyingi za karibu na Haram huuza kumi hilo kama fungu moja lisilogawanyika, kwa bei tofauti kabisa na masiku mengine ya mwezi. Kwa hiyo safari ya Ramadhaan yenye bei moja ya usiku kwa mwezi mzima inahitaji kuulizwa mara mbili.

Bei ya chumba au bei ya kitanda, na kodi ya asilimia 15

Katika karatasi yetu dola 80 ni za chumba kizima, na wanne wamo ndani. Vikundi vingine huandika dola 20 kwa kila mtu, na ni kitu kimoja. Hatari iko pale ambapo namba moja imeandikwa bila kusema ni ya nini. Mlikubaliana chumba cha watu wanne, kisha mkafika mkapewa cha watu watatu na kitanda cha kukunja. Bei ya chumba cha watatu huwa ndogo, na tofauti imebaki kwa mtu. Jina la chumba liwe kwenye vocha kama lilivyo kwenye karatasi.

Saudia hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15, tangu Julai 2020; kabla ya hapo ilikuwa asilimia 5. Kodi hii ni ya kweli na hoteli huilipa serikalini. Swali ni kama imo ndani ya bei ya usiku au iko juu yake. Vocha za familia yetu zinasema bei ni pamoja na kodi. Basi 80 mara 7 ni 560, na 60 mara 5 ni 300, jumla 860, na hapo hesabu ya hoteli imekwisha. Ule mstari wa 150 ni kodi juu ya kodi.

Mwenye kutaka kujua ndani ya 860 kodi ni kiasi gani, asichukue asilimia 15 ya 860. Agawe 860 kwa 1.15, atapata takriban 747.83, ambayo ndiyo bei kabla ya kodi, kilichobaki, 112.17, ndicho kodi. Hesabu hii ina faida pale hoteli inapotoa ankara yenye namba mbili na mtu anataka kujua kama zinasemezana.

Karatasi ilikuwa na 640, 360 na 150, jumla 1,150. Sahihi ni 860. Tofauti ni 290.

Viza na usafiri wa ndani tutavipita haraka. Viza huulizwa swali moja tu, kama bima imo. Usafiri huulizwa ni vipande vingapi, na ni basi, gari dogo au treni ya Haramain. Vipande ni vitatu: Jidda kwenda Makkah, Makkah kwenda Madina, na hoteli ya Madina kwenda uwanjani. Kipande cha tatu husahauliwa kwa sababu ni kifupi. Ndugu zetu wa Pemba wataongeza boti yao, na wote wanaopandia Dar es Salaam wataongeza boti ya kwenda na kurudi, maana tiketi inayoanza na DAR haihusiki na bahari.

Jumla mpya

Ndege 2,527, hoteli 860, viza 640, usafiri 240, huduma 300. Jumla ni 4,567. Karatasi ilisema 5,200. Tofauti ni 633, nayo inaonekana yote: 58 za kuzungusha, 285 za ndege, 290 za hoteli. Hii ndiyo dalili kuwa ukaguzi umekamilika. Tofauti yako ikiwa na sehemu usiyoweza kuieleza, kuna mstari ulioupita.

Wakiamua kulipia usiku wa tarehe 3 kwa ajili ya bibi, wanaongeza 80, inakuwa 4,647. Bado ni pungufu ya 553 kutoka karatasi ya mwanzo, ambayo kwa bahati ni sawasawa na tiketi nzima ya mtoto.

Kisha inakuja shilingi. Karatasi ya dola inayolipwa kwa shilingi iandikwe kiwango na tarehe yake. Kikundi kikiweka kiwango kilichozidi cha benki kwa shilingi 60 tu, kwa dola 4,567 ni shilingi 274,020. Na bei ya hoteli iliyoanza kwa riyali isigeuzwe mara mbili kwa viwango viwili vya kikundi: riyali 300 ni dola 80 kwa 3.75. Ukiona imeandikwa dola 85, kuna kiwango kingine kimetumika njiani.

Je, ziada hiyo ni halali kwa kikundi?

Hili ndilo tunaloulizwa zaidi, na jibu linategemea mmekubaliana nini. Wanavyuoni wametenganisha baina ya wakala na muuzaji. Ikiwa mmekiambia kikundi: tukatieni tiketi na hoteli kwa niaba yetu, nanyi mtachukua dola 75 kwa kila mtu, basi hao ni mawakala kwa ujira. Ujira wao ni ule uliotajwa. Punguzo walilopata kwenye hoteli ni lenu, na kilichozidi gharama halisi si chao isipokuwa kwa ridhaa yenu mnayoijua.

Ama ikiwa wanauza kifurushi kwa bei moja waliyoiweka wenyewe, huo ni uuzaji wa huduma, na si lazima wawaambie walinunua kwa kiasi gani. Faida yao ni yao mkiridhiana. Lakini hata hapo sifa ya kinachouzwa lazima ijulikane: masiku mangapi, chumba cha aina gani, hoteli ipi. Kuuza masiku 14 na kutoa 12 hakuruhusiwi kwa njia yoyote. Vile vile faida isiitwe kodi, maana huko ni kumwambia mnunuzi uongo juu ya bei.

Karatasi ya mfano wetu ina mstari wa "gharama ya huduma" peke yake. Anayeisoma ataelewa kuwa mistari mingine ni gharama halisi na ujira ni 300. Kwa hiyo, kwa tunavyoona, ni karatasi ya wakala, na 633 zinatakiwa zirudi kwa wenyewe. Kikundi kinachotaka kuuza kwa bei moja kiandike bei moja. Wa-Allaahu A'lam.

Kwa nini mgawanyo uandikwe hata kama jumla mmeiridhia

Wapo wanaosema: sisi tumekubali 5,200, mistari ya nini? Mistari inahitajika siku safari inapovunjika. Tuseme bibi ameugua wiki moja kabla, na tiketi yake ni ya aina isiyorudishiwa nauli. Kwenye tiketi huandikwa NONREF. Nauli ya msingi, 420, imekwenda. Kodi za serikali na viwanja, zile 98 za XT, kwa kawaida hurudishwa zote au nyingi yake zikiombwa, kwa kuwa hakupanda ndege na hakutumia uwanja. Zile 140 za YQ hufuata masharti ya nauli, na mara nyingi hupotea pamoja nayo. Familia yenye karatasi ya 1,300 kwa kila mtu haina cha kudai. Itaambiwa tiketi hairudishwi, na mambo yamekwisha. Familia yenye mgawanyo inajua kuna 98 za kuomba, na inaziomba kwa maandishi kabla muda wa tiketi haujaisha.

Kabla ya kutoa arubuni, basi, omba vitu vitatu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: FARE, TAX na TOTAL za tiketi moja ya mtu mzima na moja ya mtoto kama zilivyo kwenye mfumo, tarehe za kuingia na kutoka kwa kila hoteli pamoja na aina ya chumba, na kiwango cha shilingi. Kikundi kinachofanya kazi yake kila siku hukitoa kitu hiki kwa robo saa. Tiketi ikishakatwa, iwe na namba ya tarakimu 13, ambazo tatu za mwanzo ni za shirika la ndege, na uhakikishe jina na tarehe kwenye tovuti ya shirika hilo hilo.

Kuna hali moja ambapo tiketi haitakusaidia. Nauli za makundi mara nyingine huandikwa IT au BT mahali pa namba ya FARE, kwa sababu shirika limempa wakala bei ya jumla na halitaki ionekane. Si dalili ya udanganyifu. Kodi kwa kawaida zitaonekana, lakini nauli ya msingi haitaonekana popote isipokuwa kwenye karatasi ya kikundi. Kwa tiketi za namna hiyo mtake kikundi kiandike nauli ya msingi kwa mkono wake, kitie sahihi na muhuri, na karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na risiti mpaka kila mmoja arudi nyumbani.